Mistari Miwili Ambayo Madeleine Alikataa Kuisoma

Katika Bunia ya miaka ile, sauti ya Madeleine Mbambu ilijulikana na watu wengi kuliko sura yake. Karatasi za serikali zilimwita Citoyenne Mbambu, kanisani aliitwa Madeleine, na kwenye phonie, ile redio ya kuzungumza na vituo vya mbali, aliitwa Mama Madeleine kuanzia Aru mpaka Beni. Mtu angeweza kumpita sokoni Nyakasanza akichagua nyanya asimtambue, lakini akifungua kinywa tu kuuliza bei, muuzaji alishtuka: «Ah! Ni weye Mama wa phonie?» Naye alifurahi, ingawa alijifanya hafurahi.

Alizaliwa Butembo, akaolewa na Gérard, mfanyabiashara wa maharage aliyeona kwamba barabara ya Bunia ina riziki, wakahamia huku mwaka wa sabini na tatu wakiwa na magodoro mawili na baiskeli. Mwaka uliofuata Madeleine alipata kazi kwenye kituo kimoja cha dawa na maabara kilichokuwa kikihudumia zahanati za vijijini. Kazi yake ilikuwa phonie. Saa nne asubuhi na saa kumi alasiri alivaa vile visikizi vya masikioni, akashika kipaza sauti, akaita vituo kimoja kimoja kama mwalimu anavyoita majina ya watoto.

Sasa, phonie si simu. Unayemwambia neno anasikia, na asiyehusika naye anasikia. Wafanyabiashara walikuwa na phonie zao, askari walikuwa na zao, na wavivu waliokuwa na redio nzuri walikaa kwenye viti wakisikiliza mambo ya watu kama mchezo wa kuigiza. Madeleine alilijua hilo kwa uchungu. Mwaka wa sabini na saba, mwenzake mmoja aliyekuwa na haraka alisoma hewani karatasi nzima ya mzigo: katoni ngapi za penisilini, gari gani, siku gani. Gari lilipofika Marabo lilikuta watu wamekaa kando ya barabara wakingoja kwa adabu kabisa, kana kwamba wamealikwa. Katoni zilishuka. Dereva alirudi kwa miguu, bila viatu.

Tangu siku hiyo Madeleine aliweka sheria, akaibandika juu ya phonie kwa herufi kubwa: KARATASI HAISOMWI HEWANI. Bora kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo alivyowaambia wote waliokuja kujifunza kazi kwake. Penisilini akaiita mama mkwe. Streptomisini ilikuwa shangazi. Ukimsikia akisema, «Mama mukwe anafika mardi, anakuja na watoto kumi na mbili, muandae kitanda,» zahanati ilijua katoni kumi na mbili zinakuja Jumanne, na wale wa Marabo walibaki wanawatakia wakwe safari njema. Alikuwa hodari katika jambo hilo, na alijua kwamba ni hodari. Hakuna mzigo mwingine uliopotea mikononi mwake.

Tatizo la watu hodari wa kufunika ni kwamba mkono huzoea. Madeleine alifika mahali akafunika hata visivyohitaji kifuniko. Ukimuuliza kama amekula, alikujibu kwamba tumbo halilalamiki. Na Gérard alipoanza kukohoa, mwanzoni mwa mwaka wa themanini na tisa, Madeleine aliwaambia majirani kuwa bwana wake amemeza vumbi la maharage. Vumbi likakaa kifuani miezi mitano. Gérard akakonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, na usiku shuka zililowa jasho. Mke wake alikuwa akifanya kazi mlango wa tatu kutoka maabara ya kifua kikuu, na hakusema neno.

Mwezi wa saba ndipo alipomshawishi Gérard. Alimbembeleza, alimnunia, akalia mara moja. Hatimaye Gérard alikubali, kwa sharti. «Mara moja tu,» alisema. «Mi nitatema makohozi kwa ile kopo yenu. Lakini nisirudie, na watu wasijue.» Akatoa makohozi asubuhi tatu kama inavyotakiwa, na Madeleine akayapeleka ndani ya mkoba, chini ya kitambaa. Louis, mtu wa maabara, alikuwa na heshima zake, hakuuliza kitu. Madeleine akamwambia, «Ukimaliza kuangalia, usiniambie kwa kinywa. Andika tu ndani ya mashine kama ya wengine. Mi nitasoma mwenyewe.» Louis aliandika majibu Jumamosi adhuhuri. Jioni hiyohiyo alipata habari ya msiba kwao Mahagi, akapanda lori.

Hapo ndipo mashine inapoingia katika habari hii.

Ilikuwa imeletwa kwa ndege mwaka wa themanini na saba, zawadi ya wafadhili fulani. Palikuwa na skrini tatu za kazi: moja maabara, moja kwenye stoo ya dawa, moja mezani kwa Madeleine, ambaye alitumwa Goma kujifunza akarudi na cheti. Waya zilitoka kwenye skrini hizo zikaingia katika chumba kidogo chenye sanduku la nne na skrini yake, ambalo hakuna aliyekaa mbele yake kufanya kazi. Hilo ndilo liliitwa serveur. Lilitunza kila kitu kilichoandikwa, likawagawia wengine walipoomba. Likilala, zile skrini tatu zilibaki mapambo.

Kitabu cha maabara kilikuwa kimejaa mwaka uliopita na kingine hakikuja, kwa hiyo Louis aliandika moja kwa moja kwenye mashine. Vikaratasi vilivyokuja na makopo kutoka vijijini, watu wa stoo walivitumia kufungia vidonge, maana karatasi ilikuwa adimu. Madeleine ndiye aliyewaruhusu. «Si tayari iko ndani?» alisema. Nakala ya mwisho kwenye disketi ilikuwa ya Pasaka. Utepe wa mashine ya kuchapa ulikuwa umekauka karibu na wakati huohuo. Yaani majibu yote ya miezi mitatu, ya watu wa Bogoro, wa Marabo, wa ziwani, na ya Gérard, yalikuwa mahali pamoja tu duniani: ndani ya lile sanduku.

Jumamosi hiyo Louis alipomaliza, mazout ya jenereta ikaisha. Mazout ilipatikana Jumatano. Madeleine aliingia kabla ya wengine, akawasha serveur, akatega mkono kwenye kitufe.

Kwa wiki kadhaa kila asubuhi mashine ilikuwa na tabia moja. Iliwaka, ikaonyesha mstari wa maneno ya Kiingereza wenye tarakimu mbele, ikangoja. Ukibonyeza F1 iliendelea na kazi yake. Kiingereza hakuna aliyekijua, na F1 haikuwa na gharama, kwa hiyo wote walijifunza kubonyeza F1 kabla hata ya kukaa. Asubuhi hiyo pia maneno yalitokea, Madeleine akabonyeza. Lakini mashine haikuendelea. Ilikaa, ikafikiri, kisha ikaandika maneno aliyofundishwa Goma: haina diski ya kuanzia. Akazima, akawasha, akabonyeza. Vilevile. Akasali kidogo, akawasha tena. Vilevile. Akatoka kumwita mkuu wa kituo.

Mkuu wa kituo alikuwa Nicolas Unega, mtu wa Mahagi, mpole, mwenye presha, aliyeogopa wakaguzi kuliko radi. Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki ileile. Alisimama mlangoni mwa chumba kidogo akaangalia ile skrini.

«Mama Madeleine, imekufa?»

«Papa Nicolas, tuseme imelala.»

«Imelala ao imekufa?»

Saa nne ilikuwa inakaribia, na Goma kulikuwa na Rémy Kule, fundi aliyezifunga mashine zote za wafadhili wale, yeye na mizigo yake ya waya. Madeleine akaenda kuvaa visikizi.

Siku hiyo kwenye veranda alikuwepo Anastasie, muuguzi wa Bogoro, amekuja kutafuta majibu ya watu wake kwa sababu amechoka kungoja utepe. Dirisha la phonie lilifungukia veranda, kwa hiyo yaliyosemwa aliyasikia yote, kama alivyoyasikia kila mwenye redio katika Ituri, pamoja na ile «à vous» ya kumwachia mwenzako zamu.

«Goma, Goma, Bunia anaita. Mwana wetu Rémy iko? À vous.»

«Niko, Mama Madeleine. Habari ya Bunia? À vous.»

«Habari nzuri kidogo. Siye tuko na mugonjwa hapa nyumbani. Ule mukubwa wa chumba kidogo. Alilala samedi muzima, leo hataki kuamuka. À vous.»

Rémy alikuwa Munande, kabila moja naye, alimjua vizuri. Alielewa mara moja mgonjwa ni nani. «Bien reçu. Analala namna gani? Taa yake inawaka? Upepo unazunguka? À vous.»

«Taa inawaka. Anapumua vizuri. Anafungua macho, anasema-sema kidogo, na nyuma yake anasema hana tumbo. À vous.»

«Unasikia tumbo likizunguka? Ile sauti ya kupanda, kama ya ndege iko naanza? À vous.»

«Nasikia,» alijibu, maana ile diski alikuwa ameisikia ikizunguka. «À vous.»

«Sawa. Sasa unisomee yale anasema-sema. Neno kwa neno, na chiffres zake. À vous.»

Madeleine aliinua macho akaiona sheria yake ukutani. Akafikiria masikio yote yaliyoinama kwenye redio, Komanda, Mambasa, Beni. Tarakimu hewani! Na kwa kinywa chake!

«Mwana wetu,» akasema, «unajua kama tunasikilizwa. Mi nakuelezea vizuri. Anasema tu maneno yake ya kila siku, nyuma anasahau tumbo. À vous.»

Kwa mbali Rémy alisikika akipumua. Alikuwa kijana mwenye subira. Kazi yenyewe ilimfundisha. «Mama, unisikilize. Ile unanielezea inakaa kwa magonjwa tatu. Moja, tumbo limekufa kweli: pale dawa ni kulifuta na kuanza upya, ao kutia lingine. Mbili, mushipa kati ya kichwa na tumbo umetoka. Tatu, kichwa kimesahau. Dawa ya moja inaua kwa ingine. Kama nachagua kwa maelezo tu, niko nacheza karata. Nahitaji mistari yenye iko kwa skrini, na ile karatasi ya configuration niliwaachia, yenye inasema tumbo ni aina gani. Kabla ya ile, musiguse kitu. Saa kumi tutasikilizana. À vous.»

«Bien reçu, nimepata,» akasema Madeleine. «Terminé.»

Nicolas alikuwa nyuma yake muda wote. Katika maneno yote ya Rémy alikuwa ameshika moja tu. «Amesema kufuta na kuanza upya.»

«Amesema kama tumbo limekufa.»

«Na mashine yenyewe inasema haina tumbo. Nini ingine? Wakaguzi wanakuta chumba ya kufa, mi nitawaambia nini? Disketi za kuanzia ziko kwa kabati. Kesho asubuhi tunaanza upya na nakala ya Pasaka. Ile yenye ilipotea imepotea.» Alisema bila ukali. Alikuwa amekwisha kuomboleza na kuzika, kama watu wenye presha wanavyofanya.

Ile yenye ilipotea. Madeleine alitoka nje akakaa kwenye benchi la veranda. Alimwona Gérard na mkanda wake wenye tundu jipya. Mara moja tu, alisema, na Gérard akisema mara moja huwa ni mara moja. Mtu huyu aliwahi kumkataa kaka yake miaka tisa kwa sababu ya mbuzi. Na Louis yuko Mahagi kwenye msiba, nani ajue atarudi lini, na kama atakumbuka kopo moja kati ya makopo yote.

Anastasie alimsogelea. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kukemea watoto wakati wa chanjo.

«Yaya Madeleine, dada mkubwa, nikuulize kitu. Kuuliza si ujinga.»

«Uliza.»

«Mugonjwa akifika kwangu Bogoro, anasema, infirmière, niko naumwa. Mi namuuliza wapi, tangu lini. Nyuma namuambia, toa ulimi. Natia thermomètre. Kama anafunga kinywa, anasema ulimi wangu ni siri ya familia, nitamupa dawa gani? Ya minyoo ao ya malaria? Weye umemuelezea Rémy mugonjwa vizuri sana, kama kitabu. Lakini kinywa cha mugonjwa umekishika na mukono.»

«Ni sheria. Unakumbuka mambo ya Marabo.»

«Nakumbuka. Sasa ile mistari ya mashine, mwizi ataiba nini ndani? Mi niko na mama moja pale Bogoro anakaa na watoto ine ndani ya chumba moja, anakohoa, sijue kama ni ile ao si ile. Majibu yake iko ndani ya lile sanduku. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Siye wa kazi ya kifua tunayaona kila siku.»

Anastasie hakujua habari za Gérard. Alisema tu ya kwake. Lakini methali ile ilimpata Madeleine mahali pake, akainuka kwa hasira, hasira ya mtu aliyeguswa kidonda, akaingia katika chumba kidogo akafunga mlango.

Akawasha serveur. Maneno yalipotokea, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye F1, akaurudisha kwa mkono mwingine. Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike, aliisoma ile skrini ya asubuhi.

Mistari ilikuwa miwili. Kwa wiki zote hizo ulikuwa mmoja! Wa chini ulikuwa uleule wa kila siku, ulianza na 163. Wa juu ulikuwa mgeni, ulianza na 161. Aliinakili yote herufi kwa herufi nyuma ya kalenda ya kanisa, pamoja na vistari na mabano, bila kuelewa neno. Na alipokuwa ananakili akakumbuka jambo jingine: tangu mwezi wa sita tarehe za kwenye skrini zilikuwa zinabaki nyuma, na Louis alikuwa anazirekebisha kila asubuhi akilalamika kwamba mashine haijui siku ya leo. Hilo nalo hakulisema. Aliona aibu kusema hewani kwamba kituo chao hakijui tarehe.

Kisha akaenda kwa Nicolas kuomba karatasi ya configuration. Ilikuwa ndani ya koffre, lile kasha la chuma la kufuli, pamoja na mihuri, kwa sababu Madeleine mwenyewe, siku ilipoletwa, aliona ina tarakimu nyingi akashauri ifungiwe. Nicolas alizungusha ufunguo polepole.

«Mama Madeleine, utaisoma kwa phonie? Weye?»

«Mi.»

«Na ile imebandikwa pale?»

«Papa Nicolas, mi ndiye niliibandika.»

Saa kumi Bunia iliita. Vituo vilijibu kimoja kimoja, na Madeleine akaongeza neno ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilisema: «Vituo vyote, munisamehe, muache nafasi. Bunia atasoma karatasi.» Aru, aliyekuwa anaanza kuomba chanjo, akanyamaza katikati ya neno.

Alisoma. «Cent soixante et un. Kistari. S kama Salomon. Y kama Yvonne. S tena...» Alisoma mabano, alisoma nafasi tupu. Alisoma alichobonyeza na kilichotokea baada ya kubonyeza. Akaongeza habari ya mazout, ya siku ambazo mashine ililala bila umeme, na ya tarehe zilizobaki nyuma tangu mwezi wa sita. Alipomaliza alisema «à vous», akaachia kitufe, akangoja kama mtu aliyevua nguo mbele ya daktari.

Rémy alicheka. Hakuwa anamcheka, alicheka kwa kushushwa mzigo. «Mama! Tumbo liko muzima! Ni ugonjwa wa tatu, kichwa kimesahau. Ndani iko pile, betri ndogo, inakumbusha mashine siku ya leo na tumbo la aina gani iko nayo. Ilianza kuchoka, ikapoteza saa: ile ni cent soixante-trois ya kila siku. Sasa sanduku limekaa samedi mpaka mercredi bila courant, pile ikakufa kabisa, mashine ikasahau hata tumbo lake: ile ni cent soixante et un. Tumbo linazunguka, yeye hajui kama liko. Karatasi inasema aina ngapi? À vous.»

Madeleine alishusha kidole kwenye karatasi ya koffre mpaka penye ishirini. «Type vingt. À vous.»

«Vingt. Urudilie. À vous.»

«Vingt. Deux, zéro. À vous.»

«Bien reçu. Kama mungeandika namba ingine, mukaanza na zile disketi za kuanza upya, kila kitu kingefutika, hata mi nisingekitoa tena. Andika.» Akamwongoza hatua kwa hatua. Atie disketi ya uchunguzi, achague setup, aweke tarehe, kwenye diski aandike vingt, asigeuze kingine. Mashine ikiamka, asiizime: kwanza apige nakala ya kila kitu kwenye disketi mpya. Baada ya nakala tu ndipo azime, atafute mawe manne ya tochi, ayafunge kwenye kishikio kimoja, waya nyekundu kwa waya nyekundu, mahali pa ile pile ya zamani, kisha arudie kuweka vingt. Pile yenyewe itakuja kwa ndege. «Na Mama,» akamalizia, «asante kwa kusoma. À vous.»

«Bien reçu,» akasema Madeleine. Akavua visikizi.

Alifanya vilevile alivyoambiwa, Nicolas akimshikia karatasi, Anastasie mlangoni. Alipoandika vingt mashine ilijizima kidogo ikajiwasha, na mkono wa Madeleine ukabaki hewani juu ya F1. Hakukuwa na mstari wowote wa kungojewa. Sanduku likanguruma, na kwenye meza yake, chumba cha pili, skrini ikawaka. Nicolas akapiga makofi kama mtoto, kisha akaona aibu akakohoa. Anastasie alikuwa tayari na kalamu.

Disketi za nakala ziliingia na kutoka mpaka jua likaanza kulegea. Hapo tu ndipo Madeleine alipofungua majibu. Alimsomea Anastasie watu wa Bogoro mmoja mmoja, kwa jina na croix zake, zile alama za wingi wa ugonjwa. Yule mama wa watoto wanne alikuwa na kifua kikuu. Anastasie aliandika, akafunga mdomo kwa nguvu, akasema, «Afazali. Kesho anaanza.» Akaondoka kutafuta gari.

Madeleine alibaki peke yake na majibu ya Jumamosi. Alitafuta jina, akalipata, akasoma mara mbili ingawa mara moja ilitosha. Kisha akatumia F1, ambayo siku hiyo haikuwa na kosa lolote, kupunguza hasira yake: aliipiga kwa ngumi.

Lazima nisimulie kidogo ya wale wasikilizaji, maana nao ni watu. Tangu sabini na saba walikuwa wamezoea kwamba kila neno la Mama Madeleine lina neno jingine chini yake. Sasa wanamsikia akisimamisha phonie nzima, anasoma cent soixante et un, tena kwa herufi za kigeni, kisha vingt, urudilie, vingt! Wakakaa, wakapiga hesabu. Kesho yake dereva wa kituo alipopita Marabo akiwa na gari tupu aliwakuta vijana wengi ajabu kando ya barabara, wamenyoa vizuri, wakingoja gari la katoni mia moja sitini na moja, zamu ya ishirini. Walingoja mpaka Ijumaa. Ni mara pekee, kwa ninavyojua, Madeleine aliposema ukweli mtupu hewani, na ndiyo siku aliyowadanganya vizuri kuliko zote.

Lakini jioni ile ya Jumatano alikuwa hajui hayo, wala yasingemchekesha. Alitembea nyumbani polepole. Gérard alikuwa uani, amekaa kwenye kiti chake cha kamba, anachambua maharage kwenye ungo, anakohoa kwa kificho, mkono mdomoni. Jirani wao Elisabeth alikuwa anachota maji karibu.

«Umerudi,» Gérard alisema. «Wanasema serveur yenu ilikufa. Redio nzima inazungumza.» Akamwangalia Elisabeth kwa pembe ya jicho, akashusha sauti. «Na ile habari ya vumbi?»

Madeleine alikuwa na maneno tayari. Alikuwa nayo ya kila aina, miaka kumi na tano ya kazi ilimjazia ghala. Angeweza kusema mgeni amefika, angeweza kusema shangazi anakuja na mizigo. Aliweka mkoba chini.

«Si vumbi,» alisema kwa sauti yake ya phonie, ile inayofika Aru. «Ni tuberculose. Croix mbili. Louis ameandika vile, na mi nakusomea vile imeandikwa.»

Ndoo ya Elisabeth ilisimama. Gérard aliushika ungo, akatoa jiwe dogo kati ya maharage akalitupa.

«Bon,» akasema. «Basi sindano zinaanza lini?»